Salfeti ya bariamu haiyeyuki, lakini si kwa sababu latisi yake ina nguvu

Kuna jibu moja la mtihani ambalo linanikera kila nikikutana nalo. Swali huuliza kwa nini salfeti ya bariamu haiyeyuki katika maji wakati salfeti ya magnesiamu inayeyuka vizuri, na jibu linaandikwa kwa kujiamini kabisa: "kwa sababu latisi ya salfeti ya bariamu ni imara sana." Wapo wanaopewa alama kwa jibu hilo. Ukweli ni kinyume chake. Latisi ni mpangilio wa ioni ndani ya fuwele, na ukiteremka kundi la pili la jedwali la elementi kutoka magnesiamu hadi bariamu, latisi ya salfeti ya bariamu ndiyo legevu kuliko zote zilizo juu yake.

Kosa hilo lina pacha wake upande wa kaboneti. Kaboneti ya magnesiamu huachia kabonidioksidi kwenye nyuzi mia kadhaa tu za selsiasi, ya kalisiamu hudai karibu 900, na ya bariamu hupita 1,300. Basi mwanafunzi anahitimisha kwamba kaboneti ya bariamu imeshikana zaidi. Haijashikana zaidi. Ioni zake ziko mbali zaidi, na mvutano kati ya chaji hupungua kadiri umbali unavyoongezeka.

Maoni yangu ni kwamba mielekeo hii miwili isifundishwe kama kanuni mbili za kukariri, "uimara unapanda, uyeyukaji unashuka." Ni hesabu moja iliyofanywa mara mbili. Katika kila hali kuna kiasi viwili vya nishati vinavyoshuka kwa pamoja tunapoteremka kundi, na la kuuliza ni kipi kinashuka haraka zaidi.

Tuanze na joto. Kaboneti inapovunjika, MCO3 → MO + CO2, ioni ya chuma inabaki palepale ilipokuwa, ila inabadilishiwa jirani: kutoka kaboneti, ambayo ni kubwa, kwenda oksidi, ambayo ni ndogo. Nusukipenyo cha ioni ya magnesiamu ni pikomita 72 na cha bariamu ni 135. Oksidi ina 140, na kaboneti hukadiriwa kuwa 178. Kwenye oksidi, umbali kati ya vitovu vya ioni ni 212 kwa magnesiamu na 275 kwa bariamu. Kwenye kaboneti ni 250 na 313. Nyongeza ni ileile, pikomita 63, lakini 63 juu ya 212 ni karibu asilimia 30, ilhali 63 juu ya 250 ni asilimia 25. Anion, yaani ioni yenye chaji hasi, inapokuwa kubwa, ukubwa wa kation, ile yenye chaji chanya, hauonekani sana.

Ukitia namba hizo kwenye kanuni ya Kapustinskii, ambayo hukadiria nishati ya latisi kwa kutumia chaji na umbali tu, oksidi inashuka kutoka takriban kilojuli 3,800 kwa moli hadi 3,060, yaani hasara ya 740. Kaboneti inashuka kutoka 3,310 hadi 2,730, hasara ya 580. Oksidi imepoteza zaidi kwa kilojuli 160. Kwa hiyo faida ambayo bariamu ingeipata kwa kugeuka oksidi ni ndogo kuliko faida ya magnesiamu kwa kilojuli hizohizo 160, na pengo hilo sharti lizibwe na moto. Vipimo halisi havipingi: kuvunja moli moja ya kaboneti ya magnesiamu kunahitaji zaidi kidogo ya kilojuli 100, ya bariamu karibu 270. Entropia, yaani kipimo cha mtawanyiko, haitofautiani sana, kwa kuwa kila mara kinachozaliwa ni moli moja ya gesi ileile, hivyo tofauti ya nyuzi za joto inafuata tofauti ya nishati moja kwa moja.

Wengi hueleza jambo hili kwa njia nyingine: kation ndogo huvuta wingu la elektroni la kaboneti na kulegeza kifungo kati ya kaboni na oksijeni. Elezo hilo silikatai, lakini linamwacha mwanafunzi mikono mitupu linapofika suala la salfeti na maji. Ndiyo maana naona hesabu ya latisi inastahili kutangulia.

Sasa maji. Salfeti inapoyeyuka, latisi inavunjwa na ioni zinazingirwa na molekuli za maji. Salfeti ni kubwa mno, nusukipenyo chake hukadiriwa kuwa 258, hivyo umbali unatoka 330 hadi 393 tu, ongezeko la asilimia 19. Kwa kanuni ileile, nishati ya latisi inapungua kwa takriban kilojuli 380. Lakini maji hayana ukubwa huo wa kuficha tofauti. Yanaigusa kation yenyewe, na molekuli zake ni ndogo, kwa hiyo nishati inayotolewa kation inapozingirwa inaanguka kutoka karibu 1,920 kwa magnesiamu hadi 1,305 kwa bariamu. Hiyo ni hasara ya zaidi ya 600. Latisi imelegea kidogo, malipo ya maji yamepungua sana. Bariamu inabaki kwenye fuwele kwa sababu maji hayana cha kutosha cha kuitoa humo.

Kadirio hili linatia chumvi. Kwa vipimo, salfeti kavu ya magnesiamu hutoa karibu kilojuli 91 kwa moli inapoyeyuka, na ya bariamu hufyonza takriban 26, kwa hiyo pengo halisi ni kama 117, nusu ya lile tulilokadiria kwa kutoa 380 kwenye hiyo 600 na zaidi. Kanuni inaichukulia salfeti kana kwamba ni tufe, na si tufe. Mwelekeo ni sahihi, ukubwa si wa kuapia.

Na kuna mahali ambapo joto peke yake linadanganya waziwazi. Salfeti kavu ya kalisiamu nayo hutoa joto inapoyeyuka, karibu kilojuli 18 kwa moli. Mtu anayetazama tu kwamba joto linatolewa angetegemea iyeyuke kwa wingi, kumbe maji ya mililita 100 hubeba takriban gramu 0.2. Sababu ni entropia: ioni zenye chaji mbili huzipanga molekuli za maji kwa nguvu kuzizunguka, na mpangilio huo una gharama inayozidi faida ndogo ya joto. Mwalimu anayefundisha bila kulitaja hili anamwekea mwanafunzi mtego.

Hata hivyo hesabu ya ukubwa ina jaribio ambalo inalipita vizuri. Badala ya salfeti, weka hidroksidi, anion ndogo. Sasa ni latisi ndiyo inayoanguka kwa kasi tunapoteremka kundi, na mwelekeo unapaswa kugeuka. Unageuka kweli: hidroksidi ya magnesiamu karibu haiyeyuki, ya bariamu huyeyuka kiasi cha gramu 4 hivi katika mililita 100 za maji kwenye nyuzi 20. Aliyekariri kwamba "uyeyukaji unashuka" hapa anakwama.

Katika maabara tofauti kati ya chumvi mbili za bariamu hujitokeza tunapopima salfeti kwa kloridi ya bariamu. Mashapo meupe peke yake hayathibitishi kitu, maana kaboneti ya bariamu nayo ni nyeupe na haiyeyuki. Ndiyo maana asidi ya hidrokloriki hutangulia: ioni za hidrojeni huigeuza kaboneti kuwa maji na gesi, na bariamu inabaki huru kwenye mmumunyo, ilhali salfeti haziigusi vya kutosha kuleta tofauti. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa hunyweshwa uji wa salfeti ya bariamu kabla ya eksirei ya tumbo bila kudhurika, lakini kaboneti ya bariamu, ikikutana na asidi ya tumbo, ni sumu inayoua.