Mkono Unatetemeka Wakati Gani?

Mtu akianza kutetemeka mkono, wanaomzunguka huutaja ugonjwa wa Parkinson hata kabla hajamwona daktari. Kwa maoni yangu swali letu limekosewa. Tunaangalia anatetemeka kiasi gani, ilhali la kuangalia kwanza ni anatetemeka wakati gani.

Wachukue wagonjwa wawili waliokaa mezani, kila mmoja na kikombe cha maji. Wa kwanza amelaza mikono mapajani, na wa kulia unatetemeka wenyewe, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kana kwamba anaviringisha kidonge. Mwambie achukue kikombe. Anakawia kuanza na mkono unakwenda polepole, lakini mtetemo unapungua, na anakishika pale pale kilipo. Wa pili mkono wake umetulia kabisa. Tabu inaanza akiunyoosha: unayumba, unazidi kuyumba kadiri unavyokikaribia kikombe, unakipita, anaurudisha, maji yanamwagika.

Wa kwanza ameathirika ganglia za msingi, mafundo ya seli yaliyo ndani kabisa ya ubongo. Kazi yake kubwa ni kuruhusu tendo linalotakiwa na kuzuia mengine, na ili ziruhusu zinahitaji kemikali iitwayo dopamini. Seli zinazoitengeneza zikifa, na huo ndio Parkinson, ruhusa huchelewa na kila tendo hutoka dogo: hatua fupi, sauti ya chini, mwandiko unaozidi kusinyaa. (Ganglia zikiharibika kwingine huweza kutokea kinyume chake, kizuizi kikalegea na viungo vikarukaruka bila hiari, kama katika ugonjwa wa Huntington.)

Wa pili ameathirika serebelamu, ubongo mdogo ulio kisogoni. Huu hukadiria mapema mkono utafika wapi na urekebishwe vipi ungali njiani. Bila makadirio hayo mgonjwa husahihisha akiwa ameshachelewa, na kila sahihisho huzaa kosa jipya. Ndiyo maana hutembea ametanua miguu, na watu humdhania amelewa. Dhana hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa pombe huivuruga serebelamu hiyohiyo.

Wote wawili misuli yao ina nguvu. Hata upande unatofautiana: dosari ya serebelamu ya kulia huonekana mkono wa kulia, ya ganglia za kulia huonekana kushoto.

Kipimo hiki kina mipaka. Wapo wenye Parkinson wasiotetemeka kabisa, na upo mtetemo wa kawaida zaidi, mara nyingi wa kurithi, unaojitokeza mtu akiwa ameshika kitu au amenyoosha mikono. Lakini kuna jambo moja lisilosubiri miadi. Parkinson huingia taratibu, kwa miezi na miaka. Aliyeamka salama asubuhi, kisha ghafla anayumba, anatapika na mkono unapita kila anachokilenga, huenda amepata kiharusi cha serebelamu, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama bado anaweza kuinua mikono yote miwili.