Zamu ya usiku, mwizi wa mchana

Nimekesha siku nne nikilinda kuku. Kiti cha plastiki, tochi, rungu, chupa ya chai. Mama Shabani akaniona natoka na mto, akaniuliza, "Baba Shabani, unawalinda au unahamia kwao?" Sikumjibu. Mwanaume aliyeatamishia mayai kumi na mawili hana muda wa majibizano.

Mayai yakawa kumi. Yakawa saba. Asubuhi nikihesabu yapo yote, jioni nikihesabu yamepungua. Hapo mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nikaongeza betri za tochi.

Jumapili saa saba mchana, niko na ugali wangu wa muhogo na mgebuka, kuku wakapiga kelele. Nachungulia, naona mkia. Mkia wa kenge, una madoa ya njano, umetokeza chini ya ukuta wa banda kama kamba ya mtumbwi, mwenye nao yuko ndani anakunywa mayai yangu. Nikamfuata na ufagio, rungu lilikuwa limelala kwa uchovu wa zamu. Akajinasua, akanichapa mkia mmoja wa ugokoni, nikaona nyota za Kibirizi nzima, huyo kwenye mtaro unaoteremka ziwani.

Kumbe kenge ni mfanyakazi wa mchana. Anaota jua kwanza, mwili ukishapata moto ndipo anaingia kazini. Siku nne zile nilikuwa macho, na yeye kalala. Na ushahidi niliuona! Maganda ya mayai yaliyopasuliwa, alama za kucha, na kati ya nyayo kuna mstari umeburuzwa mchangani. Nikasema Shabani huyo kaburuza fimbo, nikamkaripia bure mtoto wa watu, ingawa ni wangu.

Shimo nikalijaza mawe. Kesho yake kachimba pembeni ya mawe. Mzee wa jirani, mvuvi wa zamani, akaja kucheka kwanza, ndipo akasema, "Mwanangu, huyu anachimba pale pua yake ilipogusa ukuta. Mtandikie wavu hapo anaposimama." Tukautandaza chini kwa nje, kuzunguka banda lote, upana futi moja na nusu, ukingo mmoja umepigiliwa kwenye ukuta, juu udongo na mawe. Kenge akifika anaparura, anakuta waya, anaparura tena. Hana akili ya kurudi hatua mbili nyuma aanzie huko.

Wavu wangu wa dirishani nao Mzee akautia vidole viwili, akavuta, ukachanika. "Huu ni wa kuzuia kuku asitoke. Wa kuzuia mtu asiingie ni mwingine." Ikabidi ninunue ule mgumu wa matundu madogo, ambao kidole changu cha shahada hakipiti. Bei yake sitaki hata kuitaja, Mama Shabani anasoma hapa.

Siku tatu shwari. Ya nne asubuhi, tetea mmoja hayupo. Hakuna damu, hakuna unyoya hata mmoja, na kufuli liko vilevile. Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kasulu. Mtu mpole, lakini kuku anampenda.

Yeye ndiye aliyeinama chini ya viota. "Shemeji, hili tairi umeliweka wewe?" Halikuwa tairi. Chatu, kajiviringa, tumbo limevimba katikati. Kapitia juu, kati ya ukuta na bati: chini ya mawimbi ya bati pamebaki uwazi wa kutosha ngumi. Aliingia mwembamba, kutoka kashindwa kwa shibe.

Kumuua ni kujitafutia kesi, na hana sumu, ila meno anayo, kwa hiyo nikapiga simu kwa watu wa wanyamapori, tukasubiri kwa mbali. Shemeji hakuweza kusubiri, akagonga bati. Chatu akishtuliwa na tumbo limejaa hutapika apate wepesi wa kukimbia. Akamtema tetea mzima, amelowa, amenyooka kama mwenge. Shemeji akanitazama. "Kuku wenu huyo hapo." Nadhani alikuwa ameliona lile jicho la pembeni.

Chatu alipochukuliwa, nikataka kuziba juu kwa tope. Mama Shabani akakataa, hewa chafu ya mavi ya kuku itatokea wapi? Basi nikakata vipande vya ule wavu wa gharama, nikapigilia wimbi kwa wimbi. Kubakisha uwazi nisiouona ndiyo hofu yangu. Mzee akaniambia niingie ndani saa sita mchana, nifungiwe mlango, nitafute mwanga: panapopita kidole, chatu mdogo anapita.

Nikaingia. Giza, harufu, kuku wananishangaa. Nikahesabu vitobo kumi na tisa, vingine kwenye bawaba za mlango ambako nisingewazia. Nikatia alama ya mkaa kila kimoja.

"Mama Shabani, fungua, nimemaliza."

Kimya.

"Mama Shabani!"

Sauti ya Shabani ikatoka nje: "Baba, mama kaenda sokoni na funguo. Kasema uangalie vizuri."