Aliyekosa nafasi aambiwe amekosa

Neno "tutawajulisha" liliwahi kunigharimu wiki tano. Nilikuwa nimeomba kazi ya udadisi kwenye utafiti wa kaya, nikafanyiwa usaili Dodoma, kisha waombaji wote tukawekwa kwenye kundi moja la WhatsApp. Likaja tangazo: "Mchakato unaendelea, tutawajulisha." Nikaendelea kulipa chumba na kulala na simu mkononi, na kazi ya kufundisha tuisheni nikaiacha ikapita. Kumbe waliochaguliwa walikuwa wameshaanza mafunzo tangu wiki ya pili.

Leo mimi ndiye ninayeratibu kazi za aina hiyo, na tangazo la waliokosa naliandika mwenyewe. Hili ni la awamu yetu ya mwisho:

"Habari za mchana. Tulipokea maombi 640 kwa nafasi 30 za udadisi. Nafasi zote zimejaa. Waliochaguliwa na wa akiba wote wameshapigiwa simu. Kama hukupigiwa, safari hii hukupata nafasi, na hatutapiga tena. Atakayekuomba pesa ili akuingize ni tapeli. Nakala za vyeti na namba za NIDA mlizotuma tutazifuta Ijumaa. Asanteni kwa muda na nauli mliyotumia kuja kwenye usaili. Kundi linafungwa leo saa 12 jioni."

Sentensi yenye uzito hapo ni "hatutapiga tena", na huwezi kuiandika kama si kweli. Ndiyo maana tangazo hili huja mwisho kabisa. Kwanza tunawapigia wale 30. Wapo wasiopatikana, wapo waliokwishapata kazi kwingine, kwa hiyo tunawapa siku mbili wathibitishe, ndipo tunashuka kwenye orodha kuziba mapengo. Halafu tunaongeza watatu wa akiba, nao tunawaambia waziwazi kwamba watahudhuria mafunzo na kulipwa posho ya siku hizo, ila kwenda uwandani kutategemea kama kuna atakayejitoa. Hao wakishakubali, hakuna tena jina tunaloweza kulirudia. Ukibandika tangazo kabla ya hapo, akajitoa mtu mmoja ukampigia aliyekwishaambiwa amekosa, habari itasambaa jioni hiyohiyo na mamia watarudi kusubiri.

Wenzangu wengi hupenda kuongeza, "Majina yenu tutayahifadhi kwenye kanzidata." Wameichukua Utumishi. Lakini Sekretarieti ya Ajira ina kanzidata kweli: aliyefaulu usaili akakosa nafasi anaweza kuitwa nafasi ikipatikana. Sisi ni mradi wa miezi miwili. Uwanda ukiisha, ofisi inafungwa na vishikwambi vinarudishwa. Kumwahidi mtu kanzidata isiyokuwepo ni kumfunga miguu, hata kama umeisema kwa sauti ya huruma.

Kuna sababu nyingine ya kufunga mlango kabisa. Kwenye kundi la WhatsApp namba za wote zinaonekana, na tapeli huhitaji kujipenyeza mara moja tu. Awamu moja, tangazo letu lilichelewa siku nne. Mwombaji mmoja akapigiwa na mtu aliyejiita msaidizi wangu, akaombwa 30,000 ili jina lake "lisogezwe juu", naye akatuma. Aliamini kwa sababu sisi tulikuwa hatujasema kwamba orodha imefungwa. Siku hizi kundi tunaliweka kwenye mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika tangu siku ya kwanza. Namba hazifichiki kwa hilo, lakini angalau hakuna anayejifanya ofisi mbele ya watu wote.

Majina ya waliokosa siyaandiki. Mtu ana binamu humo, ana mwanafunzi wake, pengine ana mkwe. Sababu ya kila mmoja pia siitoi, kwa kuwa kwa watu zaidi ya 600 nitaishia kubuni. Wengi walikuwa na sifa zote na tofauti ilikuwa alama moja ya zoezi la kuhoji. Anayetaka kujua alama zake namjibu faragha, lakini hapo ninampa alama, simfungulii mjadala wa orodha.

Kuhusu vyeti, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kufuta si hisani tena. Ila mimi naitaja siku kwa sababu nyingine pia. Mtu akisoma kwamba Ijumaa vyeti vyake vinafutwa, anaelewa zaidi kwamba tumemaliza kuliko kama tungemwandikia pole kumi.

Tangazo huwa nalibandika saa 6 mchana, siku ya kazi, ili anayetaka kusafiri awahi kukata tiketi. Safari iliyopita ujumbe wa kwanza ulioingia faragha ulitoka kwa binti aliyekuwa amefikia kwa shangazi yake Area C: "Asante kaka, nimeelewa. Kesho narudi Kilosa, mpunga unasubiri."