Ujumbe wa kuomba ruhusa ya ugonjwa usimwache bosi akikisia

Chukua karani wa mishahara katika duka la jumla hapa Kisumu. Jumanne tarehe 7 anaamka na homa, kisha anamwandikia meneja hivi:

"Habari Madam, pole kwa kukusumbua. Tangu usiku natapika, kichwa kinagonga na mwili hauna nguvu kabisa. Nitajaribu kufika nikipata nafuu. Tafadhali unielewe."

Neno linaloharibu kazi hapo ni "nitajaribu". Meneja atangoja hadi adhuhuri, na wakati huo tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha na kulipa PAYE ya mwezi uliopita, inakaribia. Kuchelewa kuwasilisha kunaleta faini ya asilimia 25 ya kodi hiyo au shilingi 10,000, kutegemea ipi ni kubwa. Kutapika kumeelezwa kwa kirefu, kodi haijatajwa. Kwa maoni yangu maelezo ya dalili yafutwe yote: "ninaumwa" inatosha, na mengine ni siri ya mgonjwa na daktari.

Mimi ningeuandika hivi:

"Habari ya asubuhi Madam. Ninaumwa na sitafika kazini leo, Jumanne tarehe 7. Daktari amenipa mapumziko ya siku 3, kwa hivyo natarajia kurudi Ijumaa tarehe 10. Nimeambatisha cheti. PAYE, NSSF na SHIF zinafaa kulipwa kufikia Alhamisi tarehe 9. Hesabu ziko tayari kwenye kompyuta ya ofisi, folda ya Mishahara. Naomba mhasibu azikague, awasilishe na kulipa. Kazi yangu nyingine inaweza kungoja. Nitapokea simu kati ya saa nne na saa tano asubuhi."

Angalia sehemu ya makabidhiano. Haiorodheshi kazi zote za karani, inataja tu zile ambazo muda wake utaisha kabla hajarudi, zilipofikia, na nani azimalize. Ile sentensi ya kazi nyingine kungoja inamwokoa mhasibu asipekue droo bure. Nywila ya iTax haiingii katika ujumbe wa WhatsApp hata kidogo. Mhasibu atumie njia ambayo ofisi imemruhusu.

Na kama bado hujamwona daktari? Usibuni tarehe. Kabla ya saa za kazi kuanza andika: "Ninaumwa, sitafika leo. Naelekea zahanati, nitakujulisha siku ya kurudi kabla ya saa nane mchana." Kisha timiza ahadi hiyo, hata kama foleni haijasonga.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Masharti yake ni cheti cha matibabu, na kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hupo na kwa nini. Ukizidiwa usiweze kushika simu, mke, mume au ndugu anaweza kumtumia mwajiri ujumbe huo kwa niaba yako, sheria inaruhusu.