Machweo ya Mbezi Beach

Kabla hamjaendelea kunicheka: sikulia. Mshikaji aliyewasimulia jana katia chumvi. Lile lilikuwa jasho, nilikuwa nimebeba kochi.

Mnajua nilivyohamishiwa Dar ghafla. Nikiwa bado Dodoma, dalali akanitumia picha: sebule pana, kochi jeupe, mchoro mkubwa ukutani, na dirishani bahari, jua linazama majini. Chini kaandika, "Machweo ya Mbezi Beach." Nikalipa kodi ya miezi mitatu kwa simu. (Mlioelewa jiografia, tulieni. Ndiyo, bahari ya Dar iko mashariki. Siku jua likizama kule, tukimbie wote.)

Siku ya kuhamia, kirikuu kipo nje, mimi nimeshika kochi upande huu, mshikaji upande ule. Tukalilaza, tukaliinua, likaingia. Sasa mlango haufungi. Unafungukia ndani, na kochi limeuziba.

Nikainama kuhesabu marumaru za sakafuni. Saba, kila moja sentimita 40: mita 2.8, na huo ndio upande mrefu! Nikafungua picha. Marumaru zilezile saba, ila lile kochi jeupe la watu watatu limekalia tatu na nusu. Yaani mita 1.4. Watu watatu gani hao, wa chekechea? Langu lina mita 2.1. Kumbe lao lilibandikwa kwa kompyuta, wakalipunguza ili chumba kionekane ukumbi. Hata kivuli halina, limeelea sakafuni kama jini.

Hapo hapo mama akapiga simu ya video. "Haya baba, nionyeshe hiyo bahari."

Nikasema labda bahari ni ya kweli. (Msinitukane.) Nikapanda juu ya kochi kwa magoti, simu mkono wa kushoto, nikashika pazia. Mshikaji kanyamaza. Mama kanyamaza. Nikavuta.

Ukuta wa tofali, karibu kiasi cha kuugusa. Kati yangu na ukuta, kichochoroni, mama mmoja wa kanga kainama na sufuria la masizi. Akainua uso. Tukatazamana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama mimi, akaitazama simu. "Umekuja kuangalia bahari?"

Nikakosa jibu.

"Wewe wa tatu mwaka huu. Funga dirisha baba, namwaga maji."

Na kwenye simu, sauti ya mama, taratibu: "Mwanangu, hiyo bahari mbona ina tofali?"

Mshikaji akaanguka chini kwa kicheko. Mengine mafupi: pale palipokuwa na mchoro pichani, ukutani kuna doa la unyevu lenye fangasi, ukubwa uleule wa mchoro. Dalali akaniambia, "Bosi, picha ni mfano tu." Nusu ya hela imerudi, nusu tunaelewana mbele ya mjumbe.

Kochi nimelihifadhi kwa mshikaji. Ndilo alilolalia jana akiwaandikia nyinyi kwamba nililia.