Kiti cha Mshenga

Mama yangu ana miaka 78. Ana presha, ana moyo unaomjaza miguu maji, na ana magoti aliyoacha kuyaamini tangu yalipomwangusha kanisani akiwa kwenye foleni ya sadaka. Kuchuchumaa hawezi. Akishuka, hapandi. Kwa hiyo dada yangu wa Njombe aliponipigia simu kusema binti yake anakuja kuposwa na bibi lazima awepo, mimi wala sikuwaza nauli. Niliwaza choo.

Kutoka Dar hadi Njombe ni zaidi ya kilometa 700. Basi la moja kwa moja linaondoka alfajiri na linakufikisha jioni ukiwa umekunjika kama mkeka. Mama akikaa saa nyingi hivyo, viatu havimwingii tena. Daktari wake alisema wazi: kila baada ya saa mbili asimame atembee kidogo, na safari tuigawe. Nikaigawa mara tatu: Dar hadi Morogoro kwa treni ya umeme, kwa sababu haizidi saa mbili na choo kimo humohumo ndani, tunapumzika siku nzima. Halafu basi hadi Iringa, tunapumzika tena. Halafu Njombe. Shemeji yangu aliposikia akauliza kama tunakwenda kuposwa au kuhiji.

Tatizo likabaki choo cha njiani na cha kwa dada, ambacho ni cha kuchuchumaa, nje, nyuma ya nyumba. Fundi mmoja mtaani kwetu akanipa ufumbuzi: kata tundu kwenye kiti cha plastiki, kiweke juu ya shimo, basi.

Usikate tundu la mraba. Mimi nilikata la mraba, nikalikalia kujaribu, nina kilo 92, na nyufa zikaanzia kwenye zile kona nne zikakimbia hadi ukingoni. Nilikaa sakafuni nikiwa nimevaa kiti kiunoni, watoto wanapiga picha. Kiti cha pili nilinunua kizito, chenye mikono ili Mama apate pa kushika anaponyanyuka, nikachora duara refu: upana shibiri moja, urefu shibiri na vidole vinne. Duara halina kona ya kuanzia ufa. Nikalainisha kwa msasa, halafu nikachukua tyubu ya baiskeli, nikaipasua kwa urefu na kuivisha ukingo wote wa tundu ili plastiki isimkate mapaja. Miguu ya kiti nayo nikaivisha vipande vya tyubu, kisiteleze kwenye sakafu yenye maji. Nikakikalia tena. Kikanibeba. Mama akakikagua, akakigonga kwa fimbo, akasema, "Afadhali hiki kuliko kazi yako ya benki."

Gesti ya Morogoro nilikuwa nimeiulizia kwa simu. Chumba cha chini kipo? Kipo. Ngazi? Hakuna. Tukafika tukakuta ngazi kumi na moja kutoka barabarani hadi mlangoni. Dada wa mapokezi akanishangaa kweli: "Kaka, hizo si ngazi za nje?" Kwa hiyo siku hizi siulizi kama kuna ngazi. Namwomba mhudumu atoke na simu yake getini, aniwashie video, atembee mpaka kitandani na mpaka chooni, na mimi nahesabu. Siku ile tulipanda moja moja, goti zuri likitangulia, na Mama akilala kidogo kwenye ya saba.

Sasa basi la Iringa. Viti nilichagua kwa akili zote alizonijalia Mungu. Si cha mbele kabisa, kwa sababu pale kuna ukuta na mguu haunyooki. Si juu ya tairi, maana sakafu imeinuka na magoti yanakuja kifuani. Si nyuma, panaporusha watu. Goti la Mama lililokufa ganzi ni la kulia, kwa hiyo nikamweka upande wa kushoto wa basi, kiti cha ujiani, mguu wa kulia aunyooshe ujiani. Nilijisifu. Kiti chetu cha tundu, kwa aibu, nilikifunga ndani ya gunia nikakitupa kwenye buti.

Kosa nililifanya kwenye kidonge. Mama anakunywa kidonge cha kutoa maji mwilini kila asubuhi. Kile kidonge hakina mchezo: ndani ya saa moja kimeanza kazi, na hakitulii mpaka saa sita hivi zipite. Daktari alituruhusu siku ya basi akinywe tukishafika, mradi usiku usiwe umekaribia. Mimi nilimwambia Mama. Mama akaitikia. Halafu saa mbili na nusu, nikiwa nabeba mizigo, akaletewa chai, na kwake chai na kidonge ni ndugu pacha. Akameza. Basi likaondoka saa tatu.

Kwa wasioijua njia ile, baada ya Morogoro barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa kama 50. Kushuka humo ni marufuku. Tulipoingia, tembo wakawa kushoto, twiga kulia, abiria wote simu madirishani. Mama peke yake hakutazama nje. Alikuwa anatazama mbele, kama mtu anayekariri zaburi.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Nataka kushuka."

"Mama, hapa ni Mikumi. Kuna simba."

"Atanisubiri nimalize."

Hapo ndipo nikamuuliza kuhusu kidonge, na kimya chake kikanijibu. Nikamwendea konda nikamnong'oneza. Konda hakuwa mtu wa kunong'ona. "Dereva! Bibi amebanwa!" Basi zima likaacha tembo likamgeukia Mama.

Dereva alikuwa mwungwana, akasema ataongeza mwendo. Lakini barabara ile ina matuta ili magari yasigonge wanyama, na kila tuta Mama alishika mkono wangu akaukamua. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaanza kuhesabu matuta kwa sauti, kumtia moyo. "Bado kidogo, bibi, hilo la mwisho." Halikuwa la mwisho. Kijana mmoja akajitolea chupa ya maji tupu, yenye mdomo wa sarafu. Mama akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba shule zetu zimeshuka.

Tulipofika Mikumi mjini, basi likaingia kituo cha mafuta bila kupangwa. Choo kilikuwepo. Cha kuchuchumaa. Kiti chetu kilikuwa ndani ya buti, na juu yake walikuwa wamepanga magunia manne ya mchele ya abiria wa Morogoro. Konda na vijana watatu wakayashusha mbio. Gunia langu likachanika, na kiti kikatoka mbele ya watu wote, tundu lake likitazama jua. Ukawa ukimya wa sekunde moja wa watu kuelewa. Halafu kijana wa chupa akakinyanyua juu ya kichwa, akakimbia nacho kuelekea chooni akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni!" Mama akamfuata kwa fimbo, kwa kasi ambayo magoti yale sikuyajua kuwa nayo.

Aliwahi. Alipotoka, basi zima likampigia makofi. Akainua mkono kama mgombea. Basi likasimama tena Ruaha Mbuyuni, na tena kabla ya kuanza kupanda Kitonga, na kila mara kijana yule alikuwa wa kwanza kushuka na kiti, ambacho sasa kilikuwa kinasafiri ndani, ujiani, kama abiria. Mama alitaka kuacha kunywa maji ili asisumbue watu, nikamkatalia. Safari moja ya nyuma alijinyima hivyohivyo na kidonge kiko tumboni, akasimama, dunia ikazunguka, tukamdaka.

Iringa tulilala siku mbili badala ya moja. Tukafika Njombe na baridi yake, dada akatupokea, kiti kikawekwa mahali pake nyuma ya nyumba, nikadhani habari yake imeisha.

Siku ya posa, asubuhi, Mama alikisugua kwa sabuni akakianika uani. Mama ni msafi. Vijana wa kukodi viti walileta viti pungufu, na vyote havina mikono. Dada akapita uani, akaona kiti kimoja kizuri, kizito, chenye mikono, kinang'aa. Kwa kuwa alikuwa anakimbizana na sufuria, alikitandika kitambaa kilichofumwa bila kutazama chini yake, akakiweka sebuleni, katikati. Kiti cha mshenga.

Mshenga alikuwa mzee mnene, mwenye koti la sufi. Tukasalimiana, "Kamwene, kamwene," akakaa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona kitambaa kikishuka katikati taratibu. Nikaona mikono ya kiti. Moyo ukasimama. Nikamtazama Mama. Mama naye alikuwa ameshaona.

Mzee alikuwa na adabu kupita kiasi. Alizama kidogo kidogo, magoti yakapanda, sauti ikabadilika, lakini hakusema neno. Alizungumza habari za ua zuri waliloliona kwenye boma hili, akafika kwenye mbuzi, akafika kwenye ng'ombe, kila mara akiwa chini zaidi ya pale alipoanzia. Wazee wetu wakamwona mnyenyekevu sana. Mahari ikakubaliwa upesi kuliko posa yoyote niliyowahi kuhudhuria. Nadhani mwisho alikuwa anakubali kila kitu ili aondoke.

Halafu akasimama kukabidhi bahasha. Kiti kikasimama naye.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepumua. Mzee akaenda hatua mbili mbele, bahasha mkononi, miguu minne ya plastiki ikielekea nyuma kama mkia, kitambaa kikaanguka. Na katika ukimya ule Mama akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, maana masikio nayo si ya zamani:

"Mwanangu, choo changu kinaondoka."

Tulimtoa watu watatu, mmoja akivuta kiti, wawili wakimvuta mzee. Dada alijifungia jikoni. Mimi niliomba radhi hadi nikaishiwa maneno. Mzee akakung'uta koti, akapokea chai, na alipokuwa anaaga akaniita pembeni ya gari lao. Nikajiandaa kutozwa faini.

"Kijana, mimi nina mama. Ana miaka 90, magoti yamekwisha. Tundu lile ulikata upana gani?"

"Shibiri moja, mzee."

"Na ule mpira wa ukingoni?"

"Tyubu ya baiskeli, namba 26."

Akatafakari, akijipapasa nyuma ya koti.

"Weka namba 28," akasema. "Hiyo 26 inabana."