Usiiulize injini ya kodi leo ni tarehe ngapi

Kuna jaribio moja ninalolikuta kwenye karibu kila mfumo wa mauzo, na kila nikilikuta linanikera upya. Linachukua bei ya shilingi 10,000, linasoma kiwango cha VAT kutoka jedwali lilelile linalosomwa na injini ya kodi, yaani msimbo unaokokotoa kodi, linazidisha, kisha linalinganisha jibu lake na la injini. Majibu yakilingana, jaribio limepita. Lakini limepima nini? Kuzidisha tu. Kiwango kikiwa kimeingizwa vibaya, jaribio na injini vimekosea pamoja. Tena kiwango chenyewe kimechukuliwa kwa tarehe ya leo, kwa hiyo kodi ikibadilika mwezi ujao, jaribio litaendelea kupita bila kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Tuchukue kiwango cha kawaida cha VAT ya Kenya. Tarehe 25 Machi 2020 ilitangazwa kwamba kitashuka kutoka 16% hadi 14%, na kuanzia 1 Aprili kikashuka. Watu wa mifumo walipewa wiki moja. Kisha 1 Januari 2021 kikarudi 16%. Jedwali linatakiwa lisomeke hivi:

```
kodi | kiwango | kuanzia    | hadi
VAT  | 16      | 2013-09-02 | 2020-04-01
VAT  | 14      | 2020-04-01 | 2021-01-01
VAT  | 16      | 2021-01-01 | NULL
```

Safu ya `hadi` inabeba siku ya kwanza ambayo kiwango hakitumiki tena. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huandika 2020-12-31 halafu wakauliza kwa `BETWEEN`. Muamala ukija na saa ndani yake, tuseme 31 Desemba saa nne asubuhi, hifadhidata inaihesabu 2020-12-31 kuwa ni mwanzo wa siku hiyo, na muamala unaonekana umeshapita mwisho. Siku nzima ya mwisho wa mwaka inabaki bila kiwango. Sharti sahihi ni hili:

```
kuanzia <= tarehe AND (hadi IS NULL OR tarehe < hadi)
```

Sasa angalia mtego uliomo kwenye jedwali lenyewe: 16 imo mara mbili. Ukijaribu kwa tarehe za Machi 2020 na Februari 2021, hata injini isiyoangalia tarehe kabisa itapita zote mbili. Ndiyo maana napendekeza majaribio ya mantiki ya tarehe yatumie jedwali la kubuni lenye viwango visivyojirudia, tuseme 11, 13 na 17. Jibu likitoka 1,300 kwenye bei ya 10,000, unajua moja kwa moja ni mstari gani uliochaguliwa. Viwango halisi vipimwe kwa majaribio yao peke yao, na majibu yake yaandikwe kwa mkono na mtu aliyesoma sheria. Ni kazi inayochosha, nakubali. Lakini hakuna mbadala nilioona unaofaa.

Kuna saa tatu ambazo karibu hakuna anayezijaribu. Seva nyingi huhifadhi muda kwa UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Baa au hoteli inayouza saa sita na nusu usiku wa kuamkia mwaka mpya, kwa seva hiyo bado ni 31 Desemba saa 21:30. Injini ikikata tarehe kabla ya kugeuza muda kuwa wa Nairobi, mauzo yote mpaka saa tisa usiku yatatozwa 14% wakati sheria inasema 16%. Kwa hiyo tarehe tupu hazitoshi. Kwa bei ya 10,000 kabla ya kodi, muda wa `2020-12-31T23:59:59+03:00` lazima utoe kodi ya 1,400, na `2021-01-01T00:30:00+03:00` lazima utoe 1,600. Jaribio la pili ndilo linaloikamata kasoro hii.

Hapo bado hatujafika kwenye jambo linalowagharimu watu zaidi, nalo ni swali la *tarehe ipi*. Muamala mmoja una tarehe nyingi: ya kufikisha mzigo, ya ankara, ya malipo, na ile ambayo karani aliuingiza kwenye mfumo. Sheria ya VAT ya Kenya haikuacha jambo hili kwa hisia za msanidi programu. Kwa mauzo ya kawaida, wakati wa kutoza kodi ni ule unaotangulia kati ya kufikisha bidhaa au kutoa huduma, cheti cha msanifu au msimamizi wa kazi, kutolewa kwa ankara, na kupokea malipo yote au sehemu yake. Siku ya karani haimo.

Basi jaribu hivi. Mzigo wa 10,000 umefikishwa 30 Desemba 2020, ankara imetoka 4 Januari 2021, na malipo yameingia 15 Januari. Kodi sahihi ni 1,400. Injini inayofuata ankara itatoa 1,600. Usiishie hapo, kwa sababu injini inayofuata kufikishwa kwa mzigo pekee nayo itapita. Mpe kinyume chake: ankara 31 Desemba, mzigo 5 Januari, malipo 15 Januari. Bado ni 1,400, na safari hii anayetegemea mzigo anaanguka. Kesi mbili zikipita pamoja, angalau unajua injini inachagua kati ya mzigo na ankara. Ongeza ya tatu ambamo malipo ndiyo yametangulia.

Kisha njoo kwenye krediti noti, mahali ambapo neno "leo" lililojificha ndani ya msimbo hujitokeza. Mteja alinunua 20 Desemba 2020 akalipa 11,400, kodi ikiwa ndani. Tarehe 11 Januari 2021 anarudisha bidhaa. Krediti noti ni lazima ifute kodi ileile iliyotozwa, yaani 11,400 × 14/114 = 1,400. Injini inayochukua kiwango cha siku ya krediti noti itakokotoa 11,400 × 16/116 = 1,572.41. Mfanyabiashara atakuwa amepunguza kodi anayodaiwa na KRA kwa shilingi 172.41 zaidi ya haki, na anayebeba lawama hesabu zikikaguliwa ni yeye, hata kama hajawahi kuliona jedwali. Na kama injini inaanza na bei ya kabla ya kodi, itamrudishia mteja 11,600 kwa bidhaa aliyolipia 11,400. Jaribio hapa ni rahisi kuandika: uza, sogeza saa ya mfumo hadi mwaka mpya, rudisha, kisha jumlisha kodi ya ankara na ya krediti noti. Jawabu ni sifuri kamili, si karibu na sifuri.

Dawa ya haya yote ni injini kupokea tarehe kutoka nje, bila kuwa na ruhusa ya kuisoma saa yenyewe. Tafuta `now()` na ndugu zake ndani ya msimbo wa kukokotoa. Kila unapoikuta, itoe.

Mwisho, jedwali lenyewe. Kila mstari mpya unapoingizwa, pitisha ukaguzi kwamba hakuna siku yenye viwango viwili wala siku isiyo na kiwango. Halafu kokotoa upya ankara za zamani zilizohifadhiwa na majibu yake, na usikubali tofauti hata ya senti moja. Ikitokea tofauti, mara nyingi utakuta mtu ameibadilisha 16 kuwa 14 kwa `UPDATE` kwenye mstari wa zamani badala ya kuufunga na kufungua mwingine.